Kabla hujamjibu mkusanya madeni kuhusu deni usilolijua

Kwanza, usijibu kwa simu. Akipiga, mwambie atume madai yake kwa maandishi, ukate. Usimrushie "kidogo tu" ili akuache. Malipo hata ya shilingi moja husomeka kama kukiri, na katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu ya deni huanzisha upya muda wa kulishtaki deni ambalo lilikuwa linakaribia kuisha muda wake.

Pili, angalia tarehe uliyopokea madai na uiandike. Sehemu nyingine siku zinahesabiwa. Marekani, kwa mfano, ukipinga kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa ya mkusanya, lazima asitishe kudai mpaka akuletee uthibitisho. Kwingineko huenda pasiwe na kinga kama hiyo, lakini kupinga mapema kwa barua fupi ni bora kuliko kukaa kimya.

Tatu, na hapa ndipo nilipoungua: usimpe taarifa zako mwenyewe.

Mimi nilidaiwa kwa barua pepe. Jina langu, kiasi cha 48,600, namba ya kumbukumbu, na maelezo kwamba mkopo ulichukuliwa Machi 2019. Sikuwahi kukopa. Nikaandika jibu la heshima, refu, la mtu asiye na hatia anayetaka kuonekana hivyo. Walikuwa wameomba "maelezo machache ya kuhakikisha utambulisho", nami nikayamwaga yote: namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya simu. Nikamalizia hivi: "Naomba muda nichunguze deni langu."

Baada ya siku kumi likaja jibu. Karatasi moja yenye nembo, imeandikwa juu kwamba ni uthibitisho wa mkopo, na ndani yake namba yangu ya kitambulisho, tarehe yangu ya kuzaliwa, anwani yangu, namba yangu ya simu. Chini yake: "Kama ulivyokiri katika barua yako, deni lako ni 48,600." Nilitetemeka. Nilianza kujiuliza kama kweli sikukopa, maana karatasi ilinijua kuliko ndugu zangu.

Kilichoniokoa ni namba ya simu. Laini ile niliisajili 2022. Fomu ya mkopo ya 2019 haiwezi kubeba namba ambayo sikuwa nayo bado. Karatasi nzima ilikuwa ni barua yangu mwenyewe, imepangwa upya na kurudishwa kwangu. Sijui kama ni ujanja au uvivu wa karani fulani, na haikunisaidia kujua. Nilichojifunza ni kwamba ushahidi una thamani pale tu unapokuja na kitu ambacho hukuwapa wewe.

Kwa hiyo, unapoandika, tumia namba yao ya kumbukumbu na jina lile lile walilolitumia, basi. Usiongeze jina la katikati wasilokuwa nalo. Usiandike "deni langu" popote, hata kwa bahati mbaya. Andika "deni mnalodai". Usieleze hali yako ya kifedha, usiombe kupunguziwa wala kupewa muda. Anayeomba muda ameshakubali kwamba kuna kitu cha kulipa. Barua yangu ya pili ilikuwa na aya moja tu na maswali:

"Kuhusu madai yenye namba ya kumbukumbu mliyoitaja: silitambui deni mnalodai na ninalipinga lote. Barua hii si kukiri deni. Nileteeni kwa maandishi ndani ya siku 14: jina la mkopeshaji wa awali na hati inayowapa mamlaka ya kudai, nakala ya mkataba wa mkopo, akaunti au namba ya simu ambayo fedha za mkopo zilitumwa, pamoja na tarehe, mchanganuo wa kiasi mnachodai tangu siku ya kwanza, na kumbukumbu zote mlizonazo kunihusu, mlikozipata na mliowapa. Mpaka hapo, wasilianeni nami kwa maandishi pekee."

Nieleze kidogo kuhusu hayo maombi. Hati ya mamlaka ni muhimu kwa sababu mkusanya ama ametumwa na mkopeshaji, ama amelinunua deni lenyewe. Kama amelinunua, anatakiwa kuonyesha kwamba deni hili mahususi lilihamishiwa kwake. Madeni huuzwa kwa mafungu, na orodha inayosafiri huwa na majina na viasi, mikataba ikibaki nyuma. Mchanganuo nao unafichua mengi: mkopo halisi una kiasi kilichokopwa, riba, adhabu na malipo yaliyowahi kufanyika, kila kimoja na tarehe yake. Ukiletewa jumla tupu, hujaletewa chochote.

Lakini swali linaloua deni lisilo lako ni lile la fedha zilikwenda wapi. Sahihi inaweza kughushiwa na jina linaweza kufanana, ila fedha lazima ziliingia mahali. Mkopo wa simu hauna karatasi ya kusainiwa, ila una kumbukumbu ya muamala. Kwangu walikaa wiki tatu, kisha wakajibu kwamba zilitumwa kwa namba inayoishia na tarakimu ambazo si zangu. Mkopaji alikuwa mtu mwingine ambaye tunafanana naye majina mawili.

Kuhusu kumbukumbu, usiogope kudai kwa jina la sheria kama nchi yako inayo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa, na ya kudai zilizokosewa zirekebishwe. Waliponipigia kusema "faili tumelifunga", nilikataa kusherehekea mpaka waandike, na mpaka wataje kama walishanipeleka kwenye taasisi ya taarifa za mikopo. Walikuwa wameshanipeleka. Faili lililofungwa kwao lilikuwa bado wazi kule.

Tuma kwa njia inayoacha alama: barua pepe, au posta yenye risiti ya kupokelewa. Peleka nakala kwa mkopeshaji aliyetajwa, ila tafuta anwani yake mwenyewe; usitumie ile aliyokupa mkusanya. Usiweke juu ya barua maneno "bila kuathiri haki" kwa sababu tu umeyaona kwenye barua za mawakili. Hayo ni ya mazungumzo ya suluhu, na mwenzako anaweza kuyatumia kuzuia barua yako isisomwe mahakamani, wakati wewe unataka isomwe. Kama kitambulisho lazima kitolewe, kitoe kwa mkopeshaji au kwa taasisi ya taarifa za mikopo, na pale tu ambapo umeshaletewa kumbukumbu zao.

Yote haya ni ya barua za kudai. Ukiletewa wito wa mahakama, barua kwa mkusanya haitoshi hata iwe nzuri vipi: jibu mahakamani ndani ya siku zilizoandikwa kwenye wito, la sivyo hukumu inaweza kutoka bila wewe kusikilizwa, hata kwa deni lisilo lako. Hakikisha kwanza wito ni wa kweli kwa kuulizia namba ya kesi kwa karani wa mahakama yenyewe. Na simu zikianza kwenda kwa ndugu na mwajiri wako, andika tarehe na saa ya kila moja, nani alipigiwa, na aliambiwa nini hasa.