Somo: Kupanga testi na kwizi zisigongane, na namna ya kuendesha testi ya kufidia

Habari zenu walimu. Kila semista ikifika wiki ya saba hivi simu zinaanza, dokta nina testi nyingine saa hiyohiyo, dokta mimi ni wa riteki nina kipindi cha mwaka wa pili, na wengi wetu tunalaumu ratiba ya fakalti. Ratiba haina kosa. Inachokilinda ni vipindi vya darasa moja la mwaka mmoja visigongane, basi. Ukishaitoa testi yako nje ya kipindi chako, ukaipeleka Jumamosi au jioni, hakuna anayekulinda tena, na mwanafunzi anayerudia kozi hakulindwa tangu mwanzo maana yeye yuko kwenye ratiba mbili kwa wakati mmoja.

Nitaeleza kwa kozi moja ili tuelewane. Chukua takwimu za utangulizi, mwaka wa kwanza, wanafunzi 150: wa uchumi 84, wa biashara 52, wa riteki 14. Kipindi ni Jumatano saa nne hadi saa sita asubuhi. Chumba kina viti 180 lakini ukiruka kiti kimoja kimoja unabaki na 90.

Hatua ya 1: Pata majina kutoka darasani, usingoje mfumo

Wiki ya pili au ya tatu mfumo unakuonyesha nusu ya darasa, wengine bado wanatafuta ada kwa hiyo hawajasajiliwa, na wa riteki ndio wanaochelewa zaidi kuonekana. Mimi napitisha karatasi yenye safu nne: jina, programu, mwaka, na kama ni wa riteki aandike ana nini Jumatano kati ya saa nne na saa sita. Hiyo safu ya nne ndiyo kazi yote. Wengi wa riteki hawaji darasani kila wiki kwa sababu hiyohiyo ya kugongana, kwa hiyo mpe mwakilishi wa darasa aiweke kwenye grupu la wasapu pia na umwambie akurudishie majibu kabla ya wiki ya nne.

Katika kozi yetu majibu yakawa hivi: kati ya 14, watatu wako huru, wanane wana kipindi saa nne hadi saa tano, watatu wana kipindi saa zote mbili. Sasa unajua shida yako ni watu watatu, si 150.

Hatua ya 2: Testi ikae ndani ya kipindi chako

Hapa ndipo mgongano mwingi unapofia. Watu wanatunga testi ya saa mbili halafu wanatafuta ukumbi mkubwa Jumamosi, na hapo wanagongana na kila mtu aliyefikiria hivyohivyo. Tunga testi ya dakika 50, kaa zamu mbili. Zamu ya kwanza saa nne kamili hadi saa nne na dakika 50, wa uchumi 84. Zamu ya pili saa tano na dakika tano hadi saa tano na dakika 55, wa biashara 52 pamoja na wa riteki 11, jumla 63. Wale wanane waliokuwa na kipindi hadi saa tano wamepona bila barua wala kikao, ila waambie watoke huko moja kwa moja, na hao ndio utakaowavumilia dakika chache za kuchelewa.

Swali lenu litakuwa kuvuja. Zamu ya pili iwe chumba cha jirani tangu saa nne na dakika 40, simu zimewekwa kwenye mabegi mbele, na zamu ya kwanza haitoki mpaka msimamizi wa kule akuambie watu wake wameshaingia. Tatizo linabaki kwa wale wanane, wao wanatoka kwingine na njiani wanaweza kukutana na wenzao, kwa hiyo karatasi ya pili lazima iwe na namba tofauti. Kama zamu ya kwanza umewapa wastani na mchepuko wa mauzo ya duka, zamu ya pili wape wa mavuno ya shamba, hesabu ileile, data nyingine. Swali la kueleza usilirudie kabisa, maana hilo linabebeka kichwani.

Hatua ya 3: Wale watatu

Ukishajua wana nini saa hiyo, mpigie mwenzako wa kozi ile nyingine. Sheria ninayoitumia ni fupi: kipindi kinaipisha testi, na testi kwa testi, iliyotangazwa kwanza kwa maandishi ndiyo inayobaki. Kama mwenzako ana kipindi tu, watatu hao wanamwomba ruhusa ya saa ya pili wanakuja kufanya testi na zamu ya pili, noti watachukua kwa wenzao. Kama ana testi na alitangaza kabla yako, hao watatu wanaingia kwenye testi ya kufidia tangu sasa, majina yao yanaandikwa, hawahitaji kuleta ushahidi wowote. Usimwachie mwanafunzi kazi ya kupatanisha walimu wawili. Atazungushwa ofisi hadi ofisi na mwisho atakosa zote mbili.

Hatua ya 4: Tangaza tarehe ya kufidia siku ileile unayotangaza testi

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Testi wiki ya saba, kufidia wiki ya tisa, siku moja, saa moja, chumba kimoja, imeandikwa kwenye tangazo lilelile la wiki ya nne. Usipofanya hivyo utakuwa na testi ya Amina Jumatatu, ya Okello Alhamisi, ya mwingine mlangoni mwa ofisi yako wiki ya 14, na kila moja inataka karatasi mpya. Wiki ya tisa ina sababu yake: aliyelazwa ameshapona, na bado una muda wa kusahihisha kabla ya testi ya pili wiki ya 12. Huku kwetu semista ni wiki 15 za kufundisha na mbili za mitihani, ukivuka wiki ya 13 unamgonganisha na kazi za kozi zote alizonazo.

Anayekubaliwa: mgonjwa mwenye karatasi ya kituo cha afya yenye tarehe, msiba wenye barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kule alikozika, anayewakilisha chuo kwenye michezo mwenye barua ya ofisi ya wanafunzi, na wale wa kugongana uliowaandika mwenyewe. Ombi lije ndani ya siku tano za kazi baada ya testi. Tarehe ya karatasi uiangalie kweli, maana cheti cha Ijumaa hakielezi kwa nini hukuwepo Jumatano.

Karatasi ya kufidia iwe na uzito uleule: maswali idadi ileile, mada zilezile, alama zilezile, data mpya. Kuna walimu wanaifanya ngumu makusudi ili watu waogope kukosa. Mimi napinga hilo wazi, unamwadhibu aliyezika mzazi wake.

Na msiseme testi moja ni kitu kidogo. Kama kozwaki ni 40 na mtihani 60, na ndani ya 40 testi ya kwanza ina 15, mwanafunzi wa kawaida anayepata asilimia 60 kila mahali anamaliza na 60. Mwandikie sifuri kwenye testi hiyo: 25 zilizobaki zinampa 15, mtihani unampa 36, jumla 51. Amekwepa riteki kwa alama moja.

Kwizi za mtandaoni, kwa kifupi

Kwenye Moodle weka dirisha refu kuliko muda wa kwizi, umeme na bando haviji kwa wote saa moja. Kwizi ya dakika 20, fungua saa kumi na mbili jioni, funga saa tatu usiku. Wakumbushe kwamba `Time limit` haivuki `Close the quiz`, anayeanza saa tatu kasoro dakika tano ana dakika tano tu. Kumfidia mmoja ni `Overrides`, kisha `Add user override`, unampa tarehe zake peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Mbarara: Asante dokta. Nilitumia hiyo override kwa wanafunzi wawili na wote wakapata alama kamili, inawezekana vipi?

Jibu: Angalia `Review options`, mwalimu. Kama umeruhusu `Right answer` chini ya `After the quiz is closed`, wale wengine wote kwizi yao imeshafungwa, wanaona majibu sahihi, wanapiga picha wanarusha kwenye grupu, na wawili wako bado hawajafanya. Ondoa hiyo tiki kabla ya kwizi, irudishe mtu wa mwisho akishamaliza. Bora zaidi maswali yatoke kwenye benki bila mpangilio, kila mtu apate yake.

Mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili: Shikamoo dokta. Mhadhiri akitangaza testi kwa wasapu saa nne usiku kuwa ni kesho asubuhi, sisi tufanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Msigome. Usiku huohuo mwandikie kwa heshima kwa niaba ya darasa, mtajie idadi ya waliokosa taarifa au wenye testi nyingine, na nakala mpeleke kwa mkuu wa dipatimenti. Walioweza wafanye. Ambao hawakufanya waombe kufidia siku hiyohiyo kwa maandishi, maandishi yawe na saa. Malalamiko ya wiki ya 15 hayana nguvu.

Dada wa programu ya jioni: Sisi tunaanza saa kumi na moja jioni baada ya kazi, na mhadhiri anatuunganisha na wa mchana kwenye testi saa nane. Bosi hatoi ruhusa.

Jibu: Dada, hapo mna haki ya kudai. Mlijisajili programu ya jioni na testi yenu inapaswa kuwa ndani ya saa zenu. Kwake pia si kazi kubwa, ni karatasi ya pili tu kama ile ya zamu. Ila kazi peke yake haimpi mtu kufidia kama testi ilikuwa ndani ya saa zenu.

Mwalimu wa Jinja: Waadventista na testi za Jumamosi je? Nilisikia mahakama ilishaamua.

Jibu: Ni kweli, wanafunzi Waadventista waliishtaki Makerere kuhusu kupangiwa masomo na mitihani siku ya Sabato, kesi ikafika Mahakama ya Juu na 2006 wakashindwa. Lakini kesi hiyo inasema chuo hakilazimiki, haisemi wewe umekatazwa kumsogeza mtu. Mtihani wa mwisho hauko mikononi mwako, testi iko. Ikiwa ndani ya kipindi chako cha katikati ya wiki suala hili halizuki, na kama ni programu ya wikiendi, wape zamu ya Jumapili. Vilevile Ijumaa msiweke testi saa saba mchana, ndugu zetu Waislamu wako msikitini.

Mwalimu wa Gulu: Aliyekosa na ya kufidia pia?

Jibu: Hapo mimi siongezi ya tatu. Kama sababu ni nzito kweli, amelazwa tangu wiki ya saba hadi ya kumi, mpeleke kwa mkuu wa dipatimenti na karatasi zake zote. Huyo huenda anahitaji kuahirisha semista, na uamuzi huo si wa mhadhiri mmoja.