Namna ya kusoma chumvi kwenye vidonge vya mchuzi na tambi za pakiti kwa mwenye presha

Shangazi yangu ana presha, na daktari alimwambia apunguze chumvi. Akapunguza kweli: kopo la chumvi likaondoka mezani, na sufuriani akawa anatia kijiko kimoja tu cha chai. Vidonge vya mchuzi hakuvipunguza, maana kwake vile ni viungo, vinakaa kabatini pamoja na bizari na binzari. Nilikaa naye jikoni tukasoma pakiti moja moja, na nilivyomwonyesha ndivyo ninavyoandika hapa.

Hatua ya 1: Weka kikomo cha siku

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Daktari wako akikupa kiwango cha chini zaidi, fuata chake. Andika namba hiyo ukutani karibu na jiko.

Hatua ya 2: Tafuta neno Sodium au Salt

Liko kwenye jedwali dogo nyuma ya pakiti. Pakiti nyingine zinaandika Sodium kwa miligramu (mg), nyingine Salt kwa gramu (g), hasa zinazotoka Ulaya. Ni vitu viwili tofauti, kwa sababu sodiamu ni sehemu tu ya chumvi. Kutoka kimoja kwenda kingine:

```
sodiamu (mg) × 2.5 ÷ 1000 = chumvi (g)
chumvi (g) × 400 = sodiamu (mg)
```

Kikokotoo cha simu kinatosha. Chagua kimoja ukae nacho. Mimi hupenda sodiamu, nayo inahesabu pia ile inayotoka kwenye E621, kiungo cha kukoleza ladha ambacho kina sodiamu bila kuitwa chumvi. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa kwamba haina E621 isikufurahishe mapema: chumvi yenyewe inaweza kuwa imejaa vilevile.

Hatua ya 3: Namba hiyo ni ya kiasi gani?

Hapa ndipo tulipokwama muda mrefu kuliko kwingine kote, na ndipo watu wengi wanapotoka na jibu la uongo wakiwa wamesoma vizuri kabisa. Namba ya kwenye jedwali haina maana mpaka ujue ni ya kiasi gani cha chakula. Tazama kichwa cha safu. Utakuta moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni gramu 100 za bidhaa ilivyo pakitini. Hakuna anayekula gramu 100 za kidonge, kwa hiyo namba itaonekana ya kutisha, mfano 20,000. Zidisha kwa uzito wa kidonge kimoja, kisha gawa kwa 100. Kidonge cha gramu 4 kitakuwa na miligramu 800.

La pili ni mgawo mmoja, yaani sehemu ambayo kiwanda kimekadiria kuwa ni ya mtu mmoja. Kiwanda kinaweza kusema mgawo ni nusu kidonge, au nusu pakiti ya tambi. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye njaa akila nusu pakiti na kuifunga nyingine. Hesabu unachokula wewe.

La tatu ndilo lililotusumbua: mililita 100 za supu iliyokwisha kutayarishwa. Kidonge cha shangazi kilikuwa cha gramu 10, na jedwali lilisema sodiamu miligramu 400. Akaniambia, "Mwanangu, mia nne katika elfu mbili si kitu." Ingekuwa kweli kama kidonge kizima kingekuwa na mia nne. Lakini maelezo ya upikaji, upande mwingine kabisa wa pakiti, yalisema kidonge kimoja kiyeyushwe katika mililita 500 za maji. Ndani ya 500 kuna 100 mara tano. Basi kidonge kile kina miligramu 2,000, chumvi gramu 5, yaani kikomo chote cha siku.

Utajuaje kwamba umesoma safu isiyo yake? Linganisha jibu na uzito wa kidonge. Vidonge vya kawaida mara nyingi ni chumvi karibu nusu ya uzito wake, na ndiyo maana chumvi hutajwa mwanzoni kwenye orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Kidonge cha gramu 10 kikikupa jibu la gramu 1 ya chumvi, na chumvi inaongoza orodha, rudi kwenye kichwa cha safu. Jibu likizidi uzito wa kidonge chenyewe, umechanganya miligramu na gramu. Kipimo hichohicho kinasaidia pale pakiti isipokuwa na jedwali kabisa: chukulia nusu ya uzito ni chumvi.

Ile safu ya asilimia mimi siitazami. Pakiti za Marekani hukokotoa kwa miligramu 2,300 kwa siku, si 2,000, na mgawo ni uleule wa kiwanda.

Hatua ya 4: Hesabu sufuria nzima

Sufuria ya maharage ya shangazi hulisha watu sita. Alikuwa anatia vidonge viwili, miligramu 4,000, na kijiko cha chai cha chumvi, kama 2,000 nyingine. Jumla 6,000, kila mtu 1,000: nusu ya siku imeisha kabla ya chapati, ambayo nayo ina chumvi yake. Tukabakiza kidonge kimoja, chumvi ya kijiko ikaondoka kabisa, na kila mtu akawa na miligramu kama 330. Kitunguu kilichokaangwa vizuri, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu mwishoni vilijaza pengo. Kidonge na chumvi havikai sufuria moja. Hilo sina mjadala nalo.

Hatua ya 5: Tambi za pakiti

Hesabu ni ileile. Pakiti ya gramu 70 iliyoandikwa miligramu 1,600 kwa gramu 100 ina 1,120. Pakiti mbili tayari zimevuka kikomo cha siku.

Sehemu kubwa ya chumvi imo kwenye kile kipakiti kidogo cha viungo, lakini tambi zenyewe pia zina sodiamu ndani ya unga, kwa hiyo kutupa kipakiti hakufanyi namba kuwa sifuri. Njia ninayoipenda: chemsha tambi peke yake, mwaga maji, ndipo utie nusu ya viungo na yai au sukuma. Ukichemsha na viungo tangu mwanzo, chumvi imo kwenye mchuzi, na kilichobaki ni kuuacha bakulini.

Hatua ya 6: Zilizoandikwa kuwa na sodiamu kidogo

Geuza pakiti usome viambato kabla ya kununua. Ukiona Potassium chloride au E508, sehemu ya chumvi imebadilishwa kwa potasiamu. Kwa watu wengi hilo ni jema. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza enalaprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu inaweza kupanda kwenye damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo, na dawa hizi hutolewa sana kwa watu wa presha. Shangazi anameza losartani, kwa hiyo pakiti hiyo tuliirudisha rafuni mpaka aulize kliniki.