Foleni ya maombi iishe kabla hatujafunga ofisi: tunafanyaje

Jamani wenzangu, habari za jioni. Kuanzia Jumatatu hakuna ombi la mkulima kuhusu malipo yake litakalolala likiwa MPYA kwenye shiti yetu. Najua msimu wa korosho umekolea na simu za wakulima hazikatiki, ndo maana naandika hatua zenyewe, nimeshazipitia na dada aliyeanza kazi wiki iliyopita na nimeona wapi watu wanakwama.

Kwanza tuelewane, foleni kuisha sio kwamba kila mkulima ameshapata hela yake. Hela iliyorudi benki siwezi kuisukuma mimi wala wewe. Kuisha maana yake kila ombi limesomwa na mtu, lina mwenyewe, na mkulima ameambiwa linafuata nini na lini.

1. Saa tisa na nusu acha kupokea mapya, anayepiga baada ya hapo andika jina na namba tu umpigie asubuhi.

2. Panga shiti kwa namba ya simu ya mkulima, sio kwa jina. Majina yanatudanganya, leo Saidi kesho Said, baba na mtoto wanaitwa sawa. Ombi la mtu mmoja likiwa mara tatu bakiza la kwanza, mengine weka IMEFUNGWA na uandike namba ya mstari uliobaki.

3. Kila MPYA ipe hali. Hapa ndo pagumu, nisomeni taratibu.

Kuna mzee mmoja wa Kitangari, kauza kilo 412, hela ikarudi, sababu iliyoandikwa ni akaunti haipo. Alipiga yeye Ijumaa, mwanae akatuma ujumbe, karani wa AMCOS naye akaleta. Mistari mitatu, watu watatu wa kwetu, kila mmoja akidhani mwenzie anashughulika. Ikalala mpaka Jumanne, na orodha ya marekebisho inaondoka Jumatatu asubuhi, kwa hiyo mzee akasubiri wiki nzima nyingine na huku mtoto anadaiwa ada. Tulipoishika tukaandika akaunti upya, ikarudi tena! Nilikaa na ile namba karibu masaa matatu ndo nikaona: akaunti yake inaanza na 0, na shiti ikiona tarakimu tupu inadhani ni hesabu, inaikata ile sifuri ya mbele kimya kimya.

Kwa hiyo kabla hujaandika akaunti chagua safu nzima ya E, nenda `Format > Number > Plain text`, ndo uandike. Ukibadilisha baada ya kuandika sifuri hairudi yenyewe, inabidi uandike upya. Halafu mpigie mkulima akusomee namba kutoka kwenye kadi au kitabu cha benki, wewe umrudishie tarakimu moja moja. Mimi sipendi kabisa picha za WhatsApp kwa kazi hii, picha ikiwa na ukungu 3 na 8 ni ndugu.

Ukishamaliza hapo, chagua. Kama limekwisha, IMEFUNGWA, lakini baada ya kumwambia mkulima, sio kabla. Kama limebaki, INASUBIRI, na hapo lazima ujaze G (nani analo, jina la mtu, usiandike "benki") na H (tarehe ya kumpigia tena). La yule mzee lilitakiwa lisomeke hivi tangu Ijumaa: INASUBIRI, jina la aliyepokea simu, Jumatatu. Basi, dakika nne za kazi.

Tafadhali msifunge ombi ili tu namba ishuke. Nikikuta IMEFUNGWA na mkulima hajui chochote nitalifungua tena.

4. Hesabu. Hizi nimeziweka juu kulia:

```
=COUNTIF(F2:F,"MPYA")
=COUNTIFS(F2:F,"INASUBIRI",H2:H,"<="&TODAY())
=COUNTIFS(F2:F,"INASUBIRI",H2:H,"")
```

Zote tatu zisome 0. Ya pili ni ahadi za leo na za nyuma ambazo hazijatimizwa, ukishampigia sogeza tarehe. Ya tatu nimeiongeza kwa sababu ya pili haioni INASUBIRI isiyo na tarehe, zilikuwa zinajificha humo. Na hali chagueni kwenye menyu ya seli, msiandike kwa mkono, maana "MPYA" yenye nafasi mwishoni haihesabiwi, unaona 0 na kumbe kuna watu ndani.

5. Ikifika saa kumi na bado zipo, nipigie, usibaki nayo peke yako. Siku ya malipo baada ya mnada najua zitazidi, siku hiyo nakaa mezani na nyie nachukua za Newala na Tandahimba, nyie mgawane zilizobaki.