Kuomba salari slipu na barua ya mwajiri kwa ajili ya mkopo: kwa mnaofanya kazi Mtwara, ofisi kuu ikiwa Dar

Fomu ya mkopo mnaijua, na picha na kitambulisho mnavyo, kwa hiyo sivigusi. Kazi ipo kwenye salari slipu.

Kabla ya kuomba barua yoyote, chukua slipu yako ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari, hasa upande wa makato. Mimi mkopo wa SACCOS nilikuwa nimeshaumaliza, lakini mhasibu aliendelea kuuweka kwenye slipu, na benki ilikata kiwango changu kwa sababu hiyo. Afisa mikopo hasikilizi maelezo ya mdomo, anasoma karatasi.

Tazama hesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni 900,000 bila posho. NSSF wanachukua 90,000, kodi ya mshahara ni 80,500, zinabaki 729,500. Benki inataka ibaki mkononi angalau theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 300,000. Basi rejesho la mwezi linaweza kufika 429,500. Yakiwepo makato ya SACCOS ya 150,000 ambayo kwa kweli yameisha, rejesho linashuka hadi 279,500, na mkopo unapungua kwa uwiano huohuo.

Ukikuta kosa, nenda SACCOS wakupe barua ya kumaliza deni, mpelekee mhasibu nakala, kisha subiri slipu ya mwezi unaofuata itoke safi. Usipeleke maombi kabla ya hapo, maana benki kwa kawaida inataka slipu za miezi mitatu ya karibuni na inazilinganisha na taarifa ya akaunti yako.

Slipu ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya malipo kwa maandishi kila anapokulipa. Ukiambiwa "hatutoi", kitaje kifungu hicho kwa heshima, kwenye barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua ya mwajiri ndiyo inayochelewa, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kusaini mara nyingi yuko Dar, na meneja wa tawi hapa Mtwara saini yake benki haiitambui. Kwanza muulize afisa mikopo ni saini za nani walizonazo kwenye faili la kampuni yenu. Halafu andika mwenyewe rasimu: jina kama lilivyo kwenye NIDA, cheo, tarehe ya kuajiriwa, mkataba unaisha lini, mshahara wa msingi, na ahadi ya mwajiri kukata na kupeleka rejesho. Mkataba ukiisha kabla ya mkopo, omba kwanza uhuishwe. Benki haitavusha marejesho ng'ambo ya tarehe hiyo.

Ipeleke rasimu kwa baruapepe, nakala halisi irudi kwa basi. Masika acha nafasi ya kuchelewa: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika pande za Somanga. Bahasha ikifika, kagua muhuri kwenye kila ukurasa ukiwa palepale stendi, kabla hujaenda benki.