Fomu ya mteja wa rangi na piko: jinsi ya kuuliza aleji ukapata jibu la kweli

Fomu nyingi za saluni zinazozunguka mtandaoni zina mstari mmoja tu wa aleji: "Je, una mzio wa kitu chochote? Ndiyo / Hapana." Mteja anatia tiki kwenye Hapana, anaweka saini, kazi inaanza. Baada ya siku mbili masikio yamevimba, ngozi ya kichwa inatoa maji, na ile karatasi haimsaidii mtu. Mteja hakudanganya, na msusi hakujua. Kilichokosewa ni swali.

Hapa nazungumzia saluni inayopaka rangi ya nywele na kuchora piko, kwa sababu huduma hizo mbili mara nyingi zina kemikali moja ndani yake, na ndiyo inayoleta balaa. Ukielewa fomu ya huduma hizi, za kope na kucha utazitengeneza mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma maboksi kabla ya kushika kalamu

Toa kila rangi iliyopo kabatini, usome viambato. Unatafuta p-Phenylenediamine, inayofupishwa PPD, na ndugu yake Toluene-2,5-Diamine. Aliyeshikwa na ya kwanza mara nyingi hushikwa na ya pili pia, kwa hiyo kumhamishia kwenye boksi lililoandikwa "haina PPD" si kinga. Usiache paketi za unga zinazoitwa hina nyeusi. Hina ya mmea hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Ikitoka nyeusi tii, tena kwa muda mfupi, kuna kitu kimetiwa.

Paketi isiyo na orodha ya viambato isiingie kwenye fomu wala kwenye saluni.

Piko yenyewe niiseme wazi. Ulaya PPD inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 inapokuwa kichwani, lakini hairuhusiwi kuchorwa kwenye ngozi. Maboksi ya rangi yanayotoka huko huwa na onyo kwamba michoro ya hina nyeusi inaweza kumuongezea mtu hatari ya aleji. Anayekoroga rangi ya nywele akamchorea bi harusi mikononi anatumia bidhaa kinyume na maelekezo ya aliyeitengeneza, na hakuna maneno ya fomu yatakayomwokoa. Chora hina ya mmea. Fomu ni ya kazi inayofanyika sawasawa.

Hatua ya 2: Karatasi moja, pande mbili

A4 moja, herufi za ukubwa wa 12, Kiswahili. Upande wa mbele ni maswali na ridhaa, wa nyuma ni jedwali la ziara. Fomu za kujaza kwenye simu sizipendi kwa kazi hii: mteja anabonyeza Hapana mfululizo huku anaongea na shoga yake. Msusi auliza kwa mdomo, aandike anachojibiwa, kisha mteja asome na kutia saini.

Hatua ya 3: Maswali ya aleji

Hapa ndipo fomu inapofaa au inapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Neno "mzio" wengine hawalijui kabisa, na "aleji" wengi wanalihusisha na chakula, vumbi au dawa za hospitali. Mwanamke aliyechorwa piko ikamtoa malengelenge hasemi ana aleji. Anasema "ile piko ilikuwa mbovu" au "iliniunguza". Kwa hiyo usiulize hali, uliza tukio. Maswali manne yanatosha, na kila moja liwe na mistari miwili mitupu chini yake, si visanduku peke yake:

"Umewahi kuchorwa piko nyeusi? Lini mara ya mwisho? Ngozi iliwasha, ilivimba, ilitoa malengelenge au iliacha alama kufuata mchoro?"

"Umewahi kupaka rangi ya nywele, hapa au popote? Kichwa, masikio, shingo au kope ziliwasha au kuvimba siku hiyo au siku 3 zilizofuata?"

"Una pumu, au kuna kitu cha saluni kiliwahi kukubana kifua?" (Hili ni la blichi. Unga wake una chumvi za persalfeti zinazoweza kuamsha pumu kwa kuvutwa tu puani, hata kabla ya kugusa nywele.)

"Unatumia mkorogo, krimu ya kung'arisha, au vidonge au krimu ya hospitali kwa sasa? Ipi, na unapaka wapi?"

Maneno "siku 3 zilizofuata" yasikose. Aleji ya PPD kwa kawaida ni ya kuchelewa: mteja anatoka saluni mzima, anaanza kujikuna kesho au keshokutwa. Usipotaja siku, atakumbuka saa alizokaa kwenye kiti, aseme hakuna kilichotokea. Na neno "popote" lipo kwa sababu watu huhesabu za saluni tu. Unga aliopakwa na dada yake nyumbani hauhesabu.

Swali la mkorogo linaonekana la umbea, na wasusi wengi hulifuta. Lirudishe. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina steroidi kali kama clobetasol au betamethasone, na steroidi inatuliza ngozi kiasi kwamba ukimfanyia kipimo, yaani kumpaka rangi kidogo uone kama ngozi itaikataa, juu yake ngozi inanyamaza ingawa aleji ipo. Vidonge kama prednisolone vinaweza kufanya hivyo hivyo. Muulize peke yake, si mbele ya foleni, na umweleze ni kwa ajili ya kipimo.

Kosa jingine ni kuamini historia njema. Mtu anaweza kupaka rangi ileile miaka 10 bila tatizo, mwili ukaikataa mara ya kumi na moja. "Mimi natumia hii siku zote" si jibu, na usiliandike kama jibu.

Chini ya maswali weka kisanduku cha msusi, kwa sababu fomu isiyosema la kufanya ni mapambo:

Piko au rangi iliwahi kumtoa malengelenge au kumvimbisha: HAKUNA rangi, HAKUNA kipimo, aende kwa daktari wa ngozi.
Hakuna tukio: kipimo, kisha subiri saa 48.
Ana pumu: hakuna blichi ya unga bila ushauri wa daktari wake.

Mstari wa kwanza ndio unaovunjwa zaidi. Msusi anasikia mteja alivimba, anasema "basi tukupime kidogo tuone." Kwa mwili ambao tayari umeikataa PPD, hata tone dogo linaweza kuleta jeraha. Kipimo cha saluni ni cha mtu asiye na historia. Mwenye historia si wako.

Hatua ya 4: Sehemu ya kipimo

Fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi la rangi, kwa sababu zinatofautiana: wengine wanataka rangi peke yake, wengine ichanganywe na oksidanti. Kwa kawaida unapaka kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, unaacha wazi, na mteja hasugui pale kwa saa 48. Chagua mahali asipopaka krimu.

Kwenye fomu acha nafasi za: jina na namba ya rangi, namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi, mahali ilipopakwa, tarehe na saa ya kupaka, tarehe na saa ya kusoma, alichoonekana nacho, saini mbili. Bila saa, kipimo hakina ushahidi.

Chukua mfano. Mteja anaingia Alhamisi saa 5 asubuhi, harusi ya mdogo wake ni Jumapili, anataka rangi nyeusi. Anajibu kwamba piko alichorwa mara moja, miaka miwili iliyopita, "ikawasha kidogo tu". Neno kidogo usilipite. Uliza: iliwasha siku ngapi, kulikuwa na maji, mchoro uliacha alama? Akisema iliisha siku hiyohiyo, ngozi haikuvimba wala kubadilika, andika maneno yake kama alivyosema, mpime Alhamisi hiyo, msome Jumamosi saa 5, na rangi ipakwe Jumamosi mchana kama ngozi ni safi. Akisema mchoro uliinuka, ukatoa malengelenge na kuacha kivuli kwa wiki kadhaa, mazungumzo ya rangi yameishia hapo. Andika "Huduma imekataliwa", sababu, tarehe, asaini. Msuke, mtengeneze vingine vyote, rangi hapana. Fomu za huduma zilizokataliwa zitunze kama zile nyingine.

Mwambie pia, na iandikwe, kwamba kipimo safi kinapunguza hatari, hakiiondoi.

Hatua ya 5: Maneno ya ridhaa

Achana na "saluni haitawajibika kwa madhara yoyote." Kumfanya mteja asaini hivyo hakufuti uzembe wako, na mbele ya wakili sentensi hiyo inaonyesha tu ulijua kuna hatari. Kinachokulinda ni ushahidi kwamba uliuliza, ulieleza na ulisubiri. Andika hivi:

"Nimeulizwa maswali hapo juu na majibu ni yangu. Nimeelezwa kwamba rangi hii inaweza kuleta aleji hata kwa mtu aliyewahi kuitumia salama. Nimefanyiwa kipimo na nimekisoma pamoja na mhudumu. Nikiwashwa, nikivimba au nikitokwa malengelenge nitaosha rangi kwa maji mengi na kuijulisha saluni. Nikivimba uso au kupumua kwa shida nitakwenda hospitali mara moja."

Ruhusa ya kupiga picha za kazi na kuziweka mtandaoni iwe na mstari wake na saini yake. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi aliyepo hapo.

Hatua ya 6: Upande wa nyuma, na droo

Jedwali: tarehe, bidhaa na namba ya toleo, "kuna kilichobadilika tangu mara ya mwisho?", kipimo, saini. Ukibadilisha aina ya rangi, kipimo kinaanza upya.

Majibu haya ni taarifa za afya. Tanzania yanaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na sheria yake ya 2019, zote zikizihesabu kuwa nyeti. Fomu zikae kwenye droo yenye kufuli, na picha ya fomu isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Zitunze miaka 6 baada ya ziara ya mwisho, kwa kuwa katika nchi zote mbili huo ndio ukomo wa kufungua shauri la mkataba. La madhara ni miaka 3.

Mteja akipiga simu kwamba anawashwa, toa fomu yake, andika saa ya simu na maneno yake, na umsomee jina la rangi na kiambato, ili daktari atakayemwona ajue anatafuta nini.