Elewa LWE kwa milinganyo miwili tu

LWE, yaani Learning With Errors, ni tatizo la kutafuta siri kutoka kwenye milinganyo yenye makosa madogo, na hutumika kusimba ujumbe. Kabla ya kuzama kwenye uthibitisho wa Regev wa 2005 kuhusu ugumu wake, chukua kalamu. Tufanye hesabu ya mabaki ya kugawanya kwa q = 97, siri ikiwa s = (5, 11).

Mlinganyo wa kwanza: 3·5 + 2·11 = 37. Wa pili: 7·5 + 5·11 = 90. Ukipewa 37 na 90, siri inapatikana mara moja kwa kuondoa vigeu. Sasa ongeza kosa la +1 kwa wa kwanza na −1 kwa wa pili, utangaze 38 na 89. Tatua tena kwa njia ileile: unapata (12, 1). Kosa la 1 limegeuka 7 na −10, kwa sababu kila hatua ya kuondoa vigeu huzidisha makosa pamoja na namba. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kwa vigeu viwili unaweza kubahatisha makosa. Kwa mamia, huwezi.

Mwenye siri hasumbuki. Kusimba biti 1, ongeza 48, yaani karibu nusu ya q, kwenye 38: unatuma vizidishi (3, 2) na 86. Kwa biti 0 huongezi kitu. Yeye anajua siri, hivyo anakokotoa 37 kutoka (3, 2), anaitoa kwenye 86, anabaki na 49, iliyo karibu na 48 kuliko 0. Biti ni 1. (Kwa usimbaji halisi hujumlishwa milinganyo mingi iliyochaguliwa kwa nasibu, la sivyo msikilizaji angetoa 38 mwenyewe.) Jumla ya makosa ikivuka robo ya q, hapa 24, biti husomeka kinyume.