Kamusi yako mwenyewe ya maneno ya klaringi: nilivyomwelekeza binamu yangu

Mwezi uliopita binamu yangu alianza kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kigoma, wanaopitisha mizigo ya Burundi na Kongo. Siku ya tatu alikuja nyumbani na karatasi imejaa herufi tupu: BL, POD, T1, MT. Kwenye simu alikuwa ameshapakua orodha ndefu ya maneno ya usafirishaji. Nikamwambia aifute. Ilikuwa na masharti yote 11 ya kuuziana mizigo kimataifa, Incoterms 2020, na mezani kwake mpaka leo yamepita mawili tu, FOB na CIF.

Hatua ya 1: Daftari

Kaunta buku na kalamu. Najua wengi watasema Excel, lakini gatini mvua ikinyesha hakuna anayetoa laptopu. Kila neno lipewe nusu ukurasa, maana litaongezeka.

Hatua ya 2: Nakili mstari mzima, na uandike umeutoa wapi

Hapa ndipo nilipoumia mimi nilipokuwa mgeni. Kwenye daftari langu niliandika "MT = tani", nikaridhika. Siku moja ukaja ujumbe kutoka Dar: "20 MT rtn Dar". Nikaelewa kuna tani ishirini za mzigo zinarudi Dar, nikaanza kutafuta makaratasi yake. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku nilipekua mafaili, nikampigia mteja Bujumbura, naye akaanza kuhangaika. Mzigo wenyewe haukuwepo. Yalikuwa makontena ishirini matupu. Ukizitamka herufi hizo mbili kwa Kiingereza harakaharaka, zinatoa sauti ya "empty", yaani tupu, na watu wa meli wanaziandika hivyo.

Kwa hiyo chini ya MT sasa nina mistari miwili, kila mmoja na mahali pake. Kwenye safu ya uzito, hasa namba ikiwa na nukta kama 18.4 MT, hizo ni tani. Ikikaa karibu na ukubwa wa kontena, kama 20' MT, ni tupu. Kontena halina nusu. Ukibaki na shaka, angalia uzito. Kontena tupu la futi 20 lina kilo 2,200 hivi, la futi 40 kilo 3,700 na kitu. Orodha ikionyesha uzito wa namna hiyo kwa kila kontena, hakuna mzigo ndani. Kwenye ujumbe wangu hapakuwa na uzito wala ukubwa, ila neno la kurudisha lilikuwepo, na makontena yanayorudishwa Dar kutoka huku mara nyingi ni matupu. Ningekuwa nimenakili mstari mzima tangu mwanzo, ningeliona.

POD nayo ina mtego wake. Kwenye BL, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, ni bandari ya kushushia, na kwa mizigo yetu mingi panaandikwa Dar es Salaam hata kama mwisho wa safari ni Bujumbura. Mwisho wa safari una kisanduku chake kwenye BL hiyohiyo. Lakini mhasibu akisema "dereva hajaleta POD", anataka karatasi iliyosainiwa na aliyepokea mzigo. Ukimtajia bandari atakucheka.

Hatua ya 3: Maneno ya kusikia

Yaandike jinsi masikio yalivyoyapokea, usijaribu kuyanyoosha. Binamu yangu aliandika "Tiwani, anasubiriwa", akidhani ni mtu. Kumbe ni T1, hati ya forodha ya mzigo unaopita kwenda nchi nyingine. Ameiacha hivyohivyo na mshale kwenda T1, kwa sababu kesho ataisikia tena kama Tiwani.

Hatua ya 4: Kuuliza

Usiulize kirefu chake. Watu wana miaka kumi kazini na kirefu hawakijui, utawaaibisha bure. Uliza karatasi hiyo inatumika kufanya nini. Binamu yangu alimwendea karani wa tali, yule anayehesabu mizigo, wakati wa chai:

"Shikamoo mzee. Hii T1 ikikosekana, nini kinakwama?"

"Marahaba. Mzigo hautoki, binti. Hata boti ikiwa imefunga kamba hapo inakusubiri."

Jibu hilo ndilo liliingia daftarini, pamoja na jina la aliyelitoa. Jina ni muhimu, kwa sababu "storeji" ya karani wa bandari ni gharama ya mzigo kukaa ghalani, ila madereva wakisema storeji wanachanganya humo na dimareji, ambayo inadaiwa na kampuni ya meli kwa kontena lake kuchelewa. Ankara zinakuja mbili tofauti.

Hatua ya 5: Excel, ukitaka

Ijumaa jioni hamishia. Safu nne: neno, mstari ulipotoka, kazi yake, nani alisema. MT iwe na mistari miwili, usiiunganishe.